Nakala ya Babati

Gaudensia Hhando alipunguzwa kazini mwaka 1998, na miaka mitano baadaye alikuwa bado hajaamini kwamba kuna nyumba inayoweza kuendeshwa bila masjala. Alikuwa amekaa masjala miaka ishirini na mmoja, katika ofisi moja ya serikali mjini, akipokea barua, akiziingiza katika rejista, akizipa jalada na kuzipeleka kwa wakubwa. Serikali ilipoanza kubana matumizi, jina lake lilitokea kwenye orodha ya wanaopumzishwa. Alisikitika, lakini aliisoma barua ya kumpumzisha mara mbili na kukiri kwamba ilikuwa imepangwa vizuri. Kwa mafao yake alinunua ng'ombe majike wawili na taipureta iliyokuwa inauzwa kwenye mnada wa vifaa chakavu, akarudi kwao Ayatloma, kwenye vilima vya juu ya Tlawi, kulima ngano na maharage na mume wake Herman.

Herman Sulle alikuwa mtu mpole, na upole wake ulijaribiwa mapema. Wiki ya tatu baada ya mke wake kurudi, alikuta karatasi imebandikwa kwenye mlango wa zizi. Juu kabisa iliandikwa DOKEZO. Chini yake: Kwenda kwa, Herman Sulle. Kutoka kwa, Gaudensia. Kisha tarehe, kisha YAH: MBUZI KUINGIA KWENYE BUSTANI YA KABICHI, kwa herufi kubwa na mstari chini yake. Maelezo yalikuwa sentensi mbili. Hapakuwa na salamu wala sahihi.

"Mama Helena," Herman alisema siku hiyo akiwa na ile karatasi mkononi, "tunalala kitanda kimoja. Ungeniambia tu."

"Nilikwambia mara nne. Kuna mahali imeandikwa?"

Herman alikubali kwamba hakuna mahali ilipoandikwa.

"Na salamu je? Hata 'mpendwa' hamna?"

"Dokezo halina salamu. Salamu ni za barua."

Mbuzi hawakuingia tena kwenye kabichi. Herman aliwasimulia wenzake kwenye kilabu cha pombe, wakacheka wiki nzima, na tangu hapo watu wa Ayatloma walimwita Gaudensia "Mama Masjala". Yeye hakukasirika. Aliona ni cheo, tena cheo ambacho hakuna wa kukipunguza.

Sasa, Ayatloma walikuwa na zahanati. Walikuwa wameijenga wenyewe. Wanawake walibeba mawe kutoka korongoni, wanaume walifyatua matofali, wilaya ikaleta bati na milango. Jengo lilikamilika mwaka 2000, likapakwa chokaa, likafungwa kwa kufuli, na kufuli lile lilikuwa halijafunguliwa tangu hapo ila siku ya kufagia popo. Mtumishi hakuna. Mjamzito akishikwa na uchungu alibebwa kwenye machela kushuka kilima hadi barabarani, mwendo wa saa tatu kama hakuna mvua. Gaudensia mwenyewe alikuwa amebeba mawe ya msingi likizo yake ya mwisho akiwa bado mtumishi, na mwaka uliopita alikuwa ameshika upande mmoja wa machela iliyombeba binti yake Helena. Helena alijifungua salama, lakini njiani, chini ya mwavuli, mbele ya mbwa watatu na mwalimu wa hisabati.

Mwanzoni mwa mwaka 2003 habari mbaya ikafika kutoka kata: jengo lisilo na mtumishi hadi mwisho wa Juni litageuzwa kuwa ghala la pembejeo. Gidamis, mtendaji wa kijiji, kijana wa miaka thelathini na mbili mwenye koti zuri, alikuja kwa Gaudensia jioni ileile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa."

"Mama, mimi nimeandika wilayani barua sita kuomba muuguzi. Sita. Hakuna hata moja iliyojibiwa. Wale watu wanatudharau."

"Umebaki na nakala?"

Gidamis alitoa daftari la shule kwenye koti. Alikuwa na tabia ya kuandika barua mara mbili, moja akaichana na kuipeleka, nyingine ikabaki. Gaudensia akavaa miwani, akaanza kusoma ya karibuni kabisa. Kisha akaisoma kwa sauti, ili mwenye nayo aisikie.

"'Kwa mheshimiwa sana Mkurugenzi. Salamu nyingi kutoka Ayatloma, sisi hatujambo, mvua zimeanza vizuri. Baada ya salamu, nyani wamezidi kwenye mahindi. Pia daraja la kwenda Tumati limebomoka upande mmoja. Pia mwalimu wa darasa la nne anakunywa. Pia tunakumbusha suala la muuguzi. Pia tunaomba bendera mpya, ya zamani imechanika. Ni mimi mtiifu wako, Gidamis.'" Alivua miwani. "Tarehe iko wapi?"

"Ipo, mama. Geuza."

Tarehe ilikuwa nyuma ya karatasi, karibu na hesabu za mauzo ya kuku.

"Mwanangu," Gaudensia alisema, na sauti yake ilikuwa ya huruma, kama ya daktari, "hakuna aliyekudharau. Barua hii imefika masjala. Karani ameishika hivi, akajiuliza aiweke jalada gani. La wanyama waharibifu? La madaraja? La nidhamu ya walimu? La afya? Barua ni moja, majalada ni matano. Hana kichwa cha habari cha kumwongoza, hana kumbukumbu namba ya kuifuatilia. Ningekuwa mimi, ningeiweka kwenye jalada la mengineyo. Unajua nani anasoma jalada la mengineyo?"

"Nani?"

"Panya."

Gidamis aliangalia koti lake. "Kwa hiyo tufanyeje?"

"Jambo moja, barua moja. Nyani wasubiri."

Ilibidi jambo lipite kwenye serikali ya kijiji, kwa hiyo siku ya pili walikutana darasani, watu kumi na wawili, mwenyekiti wao akiwa Mzee Patriki, aliyekuwa na miaka sabini na sauti ya kuita ng'ombe wa bonde la pili. Gaudensia alisimama ubaoni akachora barua. Juu katikati, jina la ofisi inayoandika. Kushoto, Kumb. Na.; kulia, mstari huohuo, tarehe. Chini kushoto, cheo cha anayeandikiwa, si jina lake, kwa sababu mtu huhamishwa lakini cheo hubaki. Sanduku lake la posta. Na mji kwa herufi kubwa. Kupitia kwa Mtendaji wa Kata, ili kata isije ikasema imerukwa. Kisha YAH:, jambo lenyewe katika mstari mmoja uliopigwa mstari. Aya ya kwanza haina namba. Ya pili inaanza na 2.

"Ya kwanza imekosa nini?" Mzee Patriki aliuliza.

"Haijakosa kitu, mzee. Ndiyo ya kwanza, kila mtu anaiona."

Jibu hilo liliwaridhisha. Wakaja kwenye namba. Gaudensia aliandika KJ/AYT/A.1/1 na kueleza kila kipande: KJ ni kijiji, AYT ni Ayatloma, A ni afya, A.1 ni jalada la watumishi wa zahanati, na ile moja ya mwisho ni folio, karatasi ya kwanza kuingia katika jalada hilo.

Gidamis akanyoosha mkono. "Mama, moja si ni aibu? Tutaonekana hatujawahi kuandika. Tuweke mia tatu na kumi na mbili."

"Karatasi mia tatu na kumi na moja ziko wapi?"

"Nani atakuja kuzihesabu?"

"Mimi," alisema Gaudensia, na ikabaki moja.

Hadi hapo mkutano ulikuwa umeenda vizuri. Uliharibika alipoandika chini kushoto neno Nakala, na chini yake: Katibu Tawala wa Mkoa, BABATI. Mtendaji wa Kata. Alieleza kwamba barua yenyewe humwomba mkubwa, lakini orodha ya nakala ndiyo humwamsha. Mkubwa akisoma barua, jicho lake hushuka hadi chini kuona nani mwingine ameiona. Akikuta hakuna mtu, anaweza kuilalia. Akikuta aliye juu yake, hapati usingizi. Na sasa walikuwa na mkoa wao mpya, Manyara, makao yake Babati, si tena Arusha ya mbali. Ingefaa mkoa wajue kuwa kuna zahanati yenye popo.

Mzee Patriki aliiangalia ile orodha kwa muda mrefu. "Mimi siko," alisema.

"Mzee, wewe ndiye unayeandika. Ni barua ya ofisi yako."

"Mtendaji wa Kata ni kijana wa juzi. Yuko. Mimi nimekuwa mwenyekiti tangu vijiji havijapimwa. Siko."

"Na katekista?" akauliza katekista.

"Kama katekista yumo, mchungaji wa kanisa la upande ule wa pili atauliza," alisema mtu wa upande ule wa pili.

"Kwaya ilichanga chokaa," ilisema sauti ya mwanamke nyuma.

Ndani ya nusu saa ubao ulikuwa na nakala kumi na tisa, ikiwemo moja ya mfugaji aliyetoa ng'ombe siku ya kuezeka na moja ya marehemu baba yake, kwa heshima. Waligombania pia nani awe juu ya nani. Gaudensia alisubiri hadi wakachoka.

"Sawa," alisema. "Kila jina lililoko hapo lazima lipelekewe nakala yake. Ukiandika 'nakala kwa fulani' na fulani asiipate, umesema uongo kwa maandishi. Kila jina ni karatasi, ni bahasha, ni stempu. Nani analipia ya kwake?"

Ubao ulisafishika haraka kuliko ulivyojaa. Marehemu ndiye aliyekaa mwisho, kwa kuwa hakuna aliyetaka kumfuta, hadi mwanaye alipoambiwa bei ya stempu.

Gaudensia alipiga barua Jumatatu, tarehe kumi Machi, karatasi nne zikiwa na kaboni katikati: ya kwanza ya wilaya, ya pili ya mkoa, ya tatu ya kata, ya nne ya jalada. Katika kila nakala aliweka alama ya vema mbele ya jina la mwenye nayo, ili zisichanganywe. Mzee Patriki alitia sahihi kwa kujaza nusu ya ukurasa. Gidamis akaipitisha kata, ikagongwa muhuri, akaifikisha wilayani mwenyewe na kurudi na kitabu cha kupelekea barua kilichosainiwa na karani wa huko. Gaudensia aliitazama ile sahihi kama mtu mwingine anavyotazama picha ya mjukuu.

Nakala ya Babati ndiyo iliyoleta shida. Mkoa ulikuwa mpya mno. Hakuna mtu Ayatloma aliyejua namba ya sanduku la posta la ofisi ya mkoa. Waliuliza kata, kata haijui. Walimuuliza mwalimu mkuu. Yeye alikuwa na la Arusha tu.

"Andika Babati tu, mama," Gidamis alisema. "Mji wenyewe mdogo. Watamfahamu."

"Bahasha bila sanduku si barua, ni ombi la muujiza."

Akaiweka ile nakala kwenye kikapu cha barua zinazotoka, juu ya kabati la vyombo. Katika kitabu cha kupelekea barua aliandika mstari wake: namba ya barua, tarehe ya barua, inakokwenda. Nafasi ya tarehe ya kutumwa aliiacha wazi. Kisha mvua zikakaza, palizi ikaanza, na ile nafasi ikabaki wazi wiki baada ya wiki. Kila alipochukua sahani aliiona nakala, na kila alipoiona alihisi kama ameacha maziwa motoni.

Ijumaa moja katikati ya Aprili, gari la wilaya lilipanda kilima. Gari la wilaya halikuwa limepanda kilima hicho tangu siku ya kuleta bati, kwa hiyo lilifuatwa na watu wote walioweza kutembea. Alishuka mtu mwembamba mwenye tai na jalada kwapani, akauliza kwa adabu ofisi ya kijiji iko wapi. Aliambiwa ofisi ya kijiji ni Gidamis, na Gidamis yuko palizini, lakini masjala iko pale, nyumba yenye mlango wa buluu.

"Shikamoo, mama," alisema mgeni mlangoni. "Naitwa Eliakimu. Ni Afisa Utumishi wilayani."

"Marahaba, baba. Karibu ndani. Herman, leta kiti chenye mgongo."

Walipomaliza habari za nyumbani, za mvua na za barabara, Gidamis akiwa amefika na matope hadi magotini na Mzee Patriki akiwa ameshika nafasi karibu na chai, Eliakimu alifungua jalada lake. Ndani ilikuwa barua yao, imetobolewa vizuri kwenye pembe ya juu kushoto. Gaudensia alisogea kidogo kuona imepewa folio namba ngapi.

"Barua yenu imetushtua," Eliakimu alisema. "Nimekaa utumishi miaka kumi na minne, nimehamia hapa kutoka Dodoma, sijawahi kupata barua ya kijiji iliyopangwa hivi. Nilidhani imetoka wizarani. Mkurugenzi naye alisoma hadi chini." Alikohoa. "Hadi chini kabisa. Akaniita. Akasema, Eliakimu, mkoa wameshaiona hii. Nenda ukatoe maelezo kabla hawajatuuliza."

"Ukaenda?" aliuliza Gidamis.

"Nikaenda. Nikamweleza afisa wa mkoa kwamba suala la Ayatloma tunalifanyia kazi, muuguzi anatafutwa. Akasema vizuri sana, ngoja niitazame hiyo barua. Akaita masjala. Masjala wakatafuta. Wakatafuta siku mbili, mama. Hawaioni. Sasa wale wana maboksi ya majalada yaliyoletwa kutoka Arusha, mengine hayajafunguliwa, na wanaogopa kwamba imepotelea humo. Walikuwa wananiomba mimi radhi." Alifuta uso kwa leso. "Kwa hiyo nimekuja kuuliza jambo dogo tu. Nakala ya mkoa ilitumwa tarehe ngapi, ili niwasaidie kutafuta?"

Gidamis alimwangalia Gaudensia, na macho yake yalisema wazi: taja tarehe yoyote. Mzee Patriki, ambaye hakujua kusema na macho, alisema kwa kile alichodhani ni mnong'ono: "Sema kumi na moja Machi."

Kitabu cha kupelekea barua kilikuwa mezani. Kalamu ilikuwa juu yake. Nafasi wazi ilikuwa na upana wa vidole viwili. Gaudensia alijua kabisa kilichoko kwenye mizani: akitaja tarehe, mkoa wataendelea kujilaumu, wilaya itaendelea kuogopa, na muuguzi atapatikana kwa sababu ya hofu hiyo. Akisema kweli, huyu mwanamume mwenye tai atacheka, atafunga jalada lake, na mwezi Juni pale kwenye mawe aliyoyabeba yeye watapanga magunia ya mbolea. Alimkumbuka Helena chini ya mwavuli. Alikichukua kitabu, akakifungua kwenye ukurasa ule, akakigeuza kumwelekea mgeni.

"Haijatumwa, baba," alisema. "Iko pale juu ya sahani. Sikuwa na namba ya sanduku."

Gidamis alifumba macho. Mzee Patriki aliweka kikombe chini. Nje, ambako watu walikuwa wamejaa dirishani, mtu mmoja alimweleza mwingine aliyekuwa nyuma, na yule naye akasema, "Basi tumekwisha."

Eliakimu aliitazama ile nafasi wazi. Kisha akaitazama nakala juu ya kabati. Hakucheka. Rangi ya uso wake ilibadilika polepole, na Gaudensia, aliyekaa miaka ishirini na mmoja akiwatazama wakubwa wakisoma barua, alitambua ile sura. Ilikuwa sura ya mtu aliyeshuka hadi chini kwenye orodha ya nakala.

"Kwa hiyo," Eliakimu alisema taratibu, "mimi nimekwenda mkoani, kwa gari la serikali, kujitetea juu ya barua ambayo hakuna aliyeiona."

"Ndiyo, baba."

"Na wao wanaomba radhi kwa kupoteza barua ambayo hawajaletewa."

"Ndiyo. Pole sana."

"Wakijua..." Hakumaliza. Alikunywa chai yote kwa mkupuo. "Mama, tufanye hivi. Ipigwe upya, iwekwe tarehe mpya, tuseme ile ya kwanza ilikuwa rasimu."

"Nakala haina tarehe yake, baba. Ina tarehe ya mama yake. Ya wilaya ni kumi Machi, hii nayo ni kumi Machi. Nikibadilisha, nitakuwa nimeandika barua mbili zenye namba moja."

"Basi wewe andika hapo kitabuni ilitumwa Machi. Mimi nitaibeba, niiingize kimyakimya kwenye moja ya yale maboksi."

"Masjala watagonga muhuri wa kupokea siku watakayoiona. Muhuri una tarehe. Na kitabu changu kitakuwa kimesema uongo, halafu siku nyingine nikisema kweli utajuaje?"

Herman, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote huo, alisema, "Baba, usijisumbue. Mimi nimejaribu miaka thelathini."

Eliakimu alikaa akifikiri, na vidole vyake vilikuwa vinapiga jalada. "Lakini lazima itumwe," alisema.

"Lazima. Jina limeandikwa. Wewe utakuwa na namba ya sanduku?"

Alikuwa nayo kwenye kijitabu chake. Gaudensia aliinakili juu ya bahasha kwa mwandiko wa rejista, akashusha nakala, akaikunja mara tatu, akaitia ndani. "Unaweza kuibeba sasa hivi, utuokolee stempu."

"Hapana," Eliakimu alisema haraka, akarudisha mikono yake nyuma kama mtu aliyepewa mtoto aliyelowa. "Hapana, hapana. Hiyo ipite njia yake. Mama, wewe huwa unakwenda posta siku gani?"

"Alhamisi, na lori la mnada. Lakini nikimpa kesho dereva wa basi la barabarani, itafika Babati Jumatatu."

"Alhamisi ni nzuri." Alikuwa ameanza kuhesabu kwa vidole. "Ukitia posta Alhamisi, wataipata wiki ya pili yake. Na je, nikumbushe, hapo mbele ya jina la mkoa mmeandika nini? 'Kwa hatua' au 'kwa taarifa'?"

"Kwa taarifa."

Hapo Eliakimu akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu ashuke garini. Gaudensia akaelewa, na akaona aibu kwa kutoelewa mapema. Barua ikimkuta mkubwa wakati jambo halijafanyika, ni mashtaka. Ikimkuta limekwisha kufanyika, ni habari tu. Huisoma, huandika 'nimeona, asante', na kumsifu aliyefanya haraka. Karatasi ileile, namba ileile. Kilichobaki ni kipi kitatangulia kufika, barua Babati au muuguzi Ayatloma.

"Kuna binti mmoja ameajiriwa juzi," Eliakimu alisema akisimama, "yuko pale mjini anasubiri kupangiwa kituo. Nilikuwa namfikiria kwa sehemu nyingine, lakini... Alhamisi, mama. Si kabla."

"Alhamisi ndiyo siku yangu ya posta," Gaudensia alisema. "Sijawahi kuiwahisha na sijawahi kuichelewesha."

Gari lilishuka kilima kwa mwendo ambao haukuwa mzuri kwa gari.

Jumamosi hakuna kilichotokea. Jumapili katekista aliombea wasafiri wote, hasa wa idara ya afya. Jumatatu na Jumanne mvua ilinyesha, na Gidamis alikuja mara tano kuuliza kama Alhamisi haiwezi kusogezwa kidogo mbele, ikawa Alhamisi ya wiki nyingine. Gaudensia alimwambia kwamba si yeye aliyetunga kalenda. Jioni ya Jumanne hata Herman alijaribu. "Mama Helena, ukiumwa Alhamisi, hakuna wa kukulaumu."

"Naumwa nini?"

"Tungetafuta."

"Nikiumwa, nipelekwe zahanati ipi?" aliuliza, na Herman akaenda kulala.

Jumatano saa nane mchana gari lilipanda tena, likateleza mara mbili kwenye tope, likasukumwa na darasa zima la sita. Alishuka msichana mwenye begi moja, godoro moja na sanduku la dawa, akiwa anatetemeka kwa baridi.

"Shikamooni," aliwaambia watu kama themanini kwa pamoja. "Naitwa Kissa. Natokea Mbeya. Nimeambiwa nifike leo, isipite leo. Sijui kwa nini."

Walimpokea kwa vigelegele. Wanawake walichukua godoro, Mzee Patriki alichukua neno na kulishikilia dakika arobaini, na kufuli likafunguliwa. Popo walitoka kwa wingi, Kissa akapiga kelele, kisha akaomba ndoo, ufagio na watu wanne. Gaudensia alisubiri hadi purukushani ikapungua, ndipo akamsogelea.

"Karibu sana, mwanangu. Una barua ya kupangiwa kituo?"

Kissa alimpa. Gaudensia aliisoma akiwa amesimama kwenye mlango wa zahanati, na watu waliomjua wakaanza kumtazama usoni, kwa sababu walijua anachotafuta. Karatasi ilikuwa ya zamani: juu yake neno ARUSHA lilikuwa limekatwa kwa kalamu na MANYARA kuandikwa pembeni, bila hata sahihi ndogo ya aliyekata. Anwani ilikuwa imesogea kulia. Aya ya kwanza ilikuwa na namba. Gidamis alimwona akikunja uso, akamshika mkono.

"Mama, nakuomba. Usiirudishe."

Lakini Gaudensia alikuwa amefika kwenye mstari wa kwanza, na hakusikia. Uliandikwa: Rejea barua yenye Kumb. Na. KJ/AYT/A.1/1 ya tarehe 10 Machi, 2003. Aliusoma tena. Chini, kwenye nakala, wa kwanza alikuwa Katibu Tawala wa Mkoa, na wa pili Mwenyekiti wa Kijiji, Ayatloma.

"Mzee Patriki," alisema, akamnyooshea karatasi, "uko kwenye nakala."

Mzee Patriki aliomba aonyeshwe mahali, akapaangalia, akaomba aonyeshwe tena.

Gaudensia hakulala vizuri usiku ule, wala mtoto mmoja wa upande wa pili wa bonde, ambaye alikuwa na homa, na ambaye mama yake alimvusha korongo kulipokucha na kumkuta Kissa tayari amewasha jiko la kuchemshia sindano. Yeye Gaudensia alipita hapo akielekea kwenye lori la mnada, bahasha ikiwa ndani ya kanga, kitabu cha kupelekea barua kikiwa ndani ya mfuko wa nailoni. Aliona foleni mlangoni, watu kumi na saba, wengine wazima kabisa, waliokuja kuandikishwa tu. Hakusimama. Lori haliwangoji watu.

Posta, karani alipima bahasha, akasoma anwani, akauliza kama anataka ipelekwe kwa njia ya haraka.

"Hapana," alisema Gaudensia, akafungua kitabu na kujaza ile nafasi, tarehe ishirini na nne Aprili. "Ni ya kwa taarifa tu."